Usiuoshe Mwanahiti wa Bibi! Shanga Zake Ndiyo Nguo Zake

Kibaigwa pale sokoni watu wanajua kupima mahindi kwa jicho tu. Ila siku dada mmoja alipotoa kopo la zamani la kahawa, ndani yake kuna kimti cheusi kimeviringishiwa kitambaa, mnunuzi aliangalia mara moja akasema: “Toa hivyo vishanga vichakavu, ukioshe, nitakupa elfu 30.”

Kile kimti ni mwanahiti, mwanasesere wa Wazaramo, Wakwere, Wakaguru na majirani zao. Hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili kama gogo dogo, matiti madogo, kitovu, na kichwa chenye kishungi cha nywele, mara nyingi kimegawanyika pande mbili. Binti akivunja ungo aliwekwa ndani, naye akamtunza huyu kama mtoto: anampaka mafuta, anamvisha shanga.

Wanasesere wa kauri wa Kijerumani wana alama ya kiwanda kisogoni, kwa mfano herufi AM za Armand Marseille. Mwanahiti hana alama kama hiyo. Fundi hakuandika jina, kwa hiyo unasoma mti, mafuta na shanga.

Mpingo ni mzito kupita kiasi, mninga ni mwepesi zaidi na una rangi ya kahawia. Mafuta ya miaka mingi yameingia ndani ya mti na yanang’aa pale vidole vilipopita sana, huku mifereji ya nywele ikiwa na uchafu mgumu. Wa kuuzia watalii hupakwa kiwi au masizi rangi moja mwili mzima. Futa taratibu kwa kitambaa cheupe kikavu: kikitoka cheusi, kuwa na wasiwasi.

Sasa shanga, hapa ndipo watu wanapoharibu. Shanga ya kioo ni baridi ukiigusisha mdomoni, ya plastiki haina ubaridi huo. Nyekundu yenye kiini cheupe, angalia kwenye tundu, ni ya kioo, ya aina iliyotengenezwa Venisi na kuletwa huku karne ya 19. Ila shanga ya zamani inaweza kufungwa kwenye mti mpya jana tu. Kinachokata ubishi ni ulaji: shanga zikikaa kiunoni miaka mingi zinasugua mti na kuacha mstari laini. Uzi wa nailoni peke yake haumaanishi feki, maana bibi naye alikatikiwa na uzi akatunga upya.

Wa yule dada alikuwa na mstari, na shanga zililala juu yake sawasawa. Angezitoa, ushahidi wote ungekwisha, kisha sabuni ingeondoa mafuta.

Na kopo? Kopo la kahawa halisemi mwanahiti alichongwa lini, linasema tu alihifadhiwa wapi mwishoni. Lakini kitambaa kilichomo kilikuwa na doa la mafuta lenye umbo la mgongo wake. Dada alimviringisha tena vilevile, akafunga kopo, akarudi nalo kwa bibi kumuuliza alivalishwa na nani.