Preteriti: Wakati Uliotoka Mdomoni Ukabaki Kitabuni

Mtu wa Hamburg akikueleza kwamba jana alichelewa kufika nyumbani, anaweza kusema "ich kam spät nach Hause" na hakuna atakayemshangaa. Mtu wa München anayezungumza lahaja ya kwao hasemi hivyo. Atasema "i bin spät hoamkemma", kwa sababu umbo "kam" halimo katika lahaja yake. Lakini huyohuyo wa München akiketi kuandika hadithi, ataandika "kam", "ging" na "sah" ukurasa mzima bila kusita. Vitabu vya kufundishia Kijerumani hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja: perfekti ni ya kusema, preteriti ni ya kuandika. Kanuni hiyo ina ukweli ndani yake, ila inaficha mambo yaliyochukua zaidi ya miaka elfu moja kutokea, na asiyeyajua hawezi kuelewa kwa nini Wajerumani wenyewe wanaivunja kila siku.

Kijerumani cha kale kilikuwa na umbo moja tu la wakati uliopita, nalo ni preteriti. Perfekti ilikuja kuzaliwa ndani yake, na tunaweza kuiona ikiwa bado changa. Yapata mwaka 830, watawa wa Fulda walitafsiri kitabu cha Tatian kinachounganisha Injili nne. Walipofika kwenye mfano wa mtini, ule wa Luka 13:6, waliandika kwamba mtu fulani alikuwa na mtini, kisha wakaongeza neno "giflanzotan", yaani uliopandwa. Kiishio "-an" cha neno hilo kinafuata mtini, kama kivumishi kinavyofuata nomino yake. Kwa hiyo sentensi ilieleza zaidi hali ya mti alionao mtu kuliko tendo la kuupanda. Baadaye kiishio hicho kilidondoka, "haben" ikaacha kumaanisha kumiliki, ikawa kitenzi kisaidizi tu. Vitenzi vingi vya mwendo navyo vikachukua "sein".

Kwa karne kadhaa maumbo hayo mawili yaligawana kazi kwa namna ambayo msemaji wa Kiswahili anaielewa upesi. Perfekti ilikaribia "-me-" yetu: jambo limetokea na athari yake ipo. Preteriti ilibeba "-li-", na pia ile kazi ya "-ka-" ya kusukuma hadithi mbele, tukio baada ya tukio. Kisha upande wa kusini mgawanyo huo ukavunjika. Mwaka 1957 Kaj Lindgren, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Finland, alichapisha uchunguzi wake wa maandishi ya kusini, akihesabu maumbo hayo moja baada ya jingine. Alionyesha kwamba preteriti iliporomoka huko katika karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16. Perfekti ikachukua kazi zote, hata ya kusimulia.

Sababu inayotajwa zaidi ni ya sauti. Katika lahaja za kusini, "-e" ya mwisho wa neno ilikuwa ikidondoka. "Er sagte", yaani alisema, ikawa "er sagt", ambayo ndiyo pia anasema. Msikilizaji hakuweza tena kutenganisha jana na leo, na perfekti "er hat gesagt" ilikuwa tayari kumwondolea utata huo. Maelezo haya yanavutia, ila hayatoshi. Kitenzi "gehen" hakikuwa na hatari yoyote, kwani "ging" hailingani na "geht" hata ukate nini, lakini nayo "ging" imepotea kusini. Tena Kifaransa cha mazungumzo na lahaja za kaskazini mwa Italia, majirani wa eneo hilohilo, zimeacha wakati wao uliopita sahili ingawa hazikuwa na tatizo hilo la "-e". Mimi naona perfekti ilikuwa tayari inapanuka yenyewe, na kudondoka kwa "-e" kuliiharakisha tu.

Kwa nini basi maandishi hayakufuata? Kwa sababu lugha ya maandishi haikujengwa juu ya lahaja za kusini peke yake. Luther, aliyetoa Agano Jipya mwaka 1522, alitoka eneo la kati mashariki, ambako preteriti ilikuwa hai, na Injili zake zinasimulia kwa preteriti. Kijerumani cha maandishi kilichokuja kukubalika kila mahali kililiegemea sana eneo hilo. Mtu wa kusini aliyetaka kuchapisha alilazimika kujifunza wakati ambao mama yake hakuwahi kuutumia.

Mfano ulio wazi ni Johann Peter Hebel. Alizaliwa Basel mwaka 1760, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kialemani, lahaja ya kona hiyo ya Rhine isiyo na preteriti. Mashairi yake ya Kialemani ya mwaka 1803 yanaeleza yaliyopita kwa perfekti, kama watu wa kwao walivyosema. Visa vyake vya kalenda, alivyovikusanya katika kitabu mwaka 1811, viko katika Kijerumani sanifu na vinakwenda kwa preteriti nyepesi, safi, ambayo wasomaji wa Kijerumani wanaisifu hadi leo. Mwandishi ni mmoja, naye alibadilisha wakati wa kitenzi kila alipobadilisha lugha.

Mpaka wenyewe kati ya kaskazini na kusini ulianza kuchorwa na Georg Wenker. Kuanzia mwaka 1876 aliwatumia walimu wa shule orodha ya sentensi, ambazo hatimaye zilikuwa 40, ili waziandike kwa lahaja ya kijiji chao. Majibu yalitoka shule zaidi ya 40,000. Sentensi moja inaeleza kurudi nyumbani jana jioni, na majibu yake yanaonyesha "kam" upande wa kaskazini na perfekti upande wa kusini. Kwa kukadiria, mstari unapita Trier, Frankfurt na Plauen. Hanna Fischer, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameonyesha kwamba huo si ukuta mmoja: kila kitenzi kina mpaka wake, na vinavyotumika sana vimeng'ang'ania mbali zaidi kusini. Bavaria bado wanasema "war" na "wollte". Uswisi hata "war" hakuna. Wao husema "i bi gsi".

Pengo hilo lilizaa umbo jingine. Wakati wa tukio lililotangulia jingine huundwa kwa preteriti "hatte", na kusini "hatte" imepotea. Basi wasemaji wakaongeza perfekti juu ya perfekti: "ich habe gegessen gehabt". Walimu wengi huliita kosa, lakini linafuata mantiki ya lahaja hizo moja kwa moja.

Mwanafunzi wetu wa Kijerumani hukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumuuliza rafiki mezani "Aßest du schon?", jambo linalosikika la kitabuni hata Hamburg. Kote watu husema "Hast du schon gegessen?" Ya pili ni kulazimisha perfekti kwa kila kitenzi kinachotamkwa. "Ich habe nicht kommen können" ni sahihi, lakini katika Kijerumani sanifu cha mazungumzo wengi husema "ich konnte nicht kommen". Ndivyo ilivyo pia kwa "war", "hatte", "wollte", "musste", "wusste" na "es gab". Walimu wa Kijerumani, fundisheni preteriti kitenzi kwa kitenzi, mkianza na hivyo. "Ging" na "sah" ziachieni siku mwanafunzi atakapoanza kusoma hadithi.