Matangazo kwa watoto: maulizo matatu ya sheria ya Kebeki

Mutoto wa miaka mine akisikia wimbo wa biskuti kwenye redio, hajui kama kuna mutu amelipa feza kusudi yeye alilie biskuti ile. Kwake ni wimbo tu, na maneno yake ni ya kweli. Juu ya hiyo, Kebeki, jimbo la Kanada lenye kusema Kifaransa, tangu 1980 inakataza matangazo ya biashara yenye kulenga watoto wa chini ya miaka 13.

Kampuni ya michezo ya watoto, Irwin Toy, ilishitaki ikisema sheria inaziba uhuru wa kusema. Mwaka 1989 Korti Kuu ya Kanada ilikubali kama uhuru unaguswa kweli, lakini ikaacha sheria isimame, sababu mutoto mudogo hawezi kutambua kama anashawishiwa.

Sheria inauliza mambo matatu: kitu chenyewe ni cha nani, tangazo limetengenezwa namna gani, linapita wapi na saa ngapi. Kwa maoni yetu, ulizo la pili ndilo zito. Mama akieleza bei ya biskuti usiku, kisha habari, hakuna shida. Biskuti ile ile ikiimbwa na katuni katikati ya kipindi cha watoto, ni kosa, hata kama watu wazima pia walikuwa wanaangalia.

Ila sheria ina tobo: kwa masharti fulani, paketi na vitrini ya duka vinaruhusiwa. Kwa hiyo katuni inaweza kubaki kwenye karatasi ya biskuti, mbele ya macho ya mutoto.