Kuzoea joto la pwani: wiki mbili za kupanda taratibu

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 tu za barabara yenye kona nyingi, lakini ni mteremko wa karibu mita 1,000. Anayeshuka huko msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwenda kutafuta kibarua cha kukata mkonge Korogwe, Muheza au Pangani, anaacha hewa ya baridi asubuhi na kukuta joto kali mchana huo huo. Tanga mjini, Januari na Februari, joto la mchana hufikia nyuzi 32 au 33 za Selsiasi kivulini, na hewa imejaa unyevu.

Mwili unaweza kulizoea joto hilo, lakini unahitaji kati ya siku 7 na 14, na huzoea tu iwapo mtu anafanya kazi ndani ya joto lenyewe kidogo kidogo. Siku za mwanzo ndizo za hatari. Nchini Marekani, ambako vifo vya wafanyakazi kutokana na joto huchunguzwa, imeonekana kwamba wengi waliokufa walikuwa katika wiki yao ya kwanza kazini.

Mwili hubadilika vipi?

Misuli ikifanya kazi hutoa joto, na damu hulibeba hadi kwenye ngozi. Huko jasho hukauka na kuondoka na joto hilo. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halipozi kitu, na ndiyo maana joto la pwani lenye unyevu huchosha kuliko joto kavu la kiwango hicho hicho.

Kwa mgeni, moyo unalazimika kupeleka damu kwenye misuli na kwenye ngozi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hudunda haraka mno. Katika siku 3 hadi 5 za kwanza mwili huongeza maji katika damu, na mapigo ya moyo huanza kushuka kwa kazi ile ile. Kufikia mwisho wa wiki ya pili mtu hutoka jasho mapema zaidi, jingi zaidi, na lenye chumvi kidogo kuliko mwanzo. Kwa hiyo aliyezoea huhitaji maji mengi zaidi, si machache.

Ngazi ya siku tano

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri kwamba mfanyakazi mpya siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya kazi kamili katika joto, kisha aongeze isiyozidi asilimia 20 kila siku.

Tuchukue mfano wa kijana mwenye afya aliyetoka Lushoto, na tuseme kazi kamili ya siku shambani ni mafungu 50 ya mkonge. Siku ya kwanza anakata mafungu 10. Siku ya pili 20, ya tatu 30, ya nne 40, na ya tano anafika 50. Muda unaobaki anafanya kazi nyepesi kivulini. Baada ya siku ya tano mwili bado unajijenga, kwa hiyo mpaka wiki ya pili iishe asijaribu kuwapita wenyeji wala kuchukua kipande cha ziada.

Ugumu uko kwenye malipo. Anayelipwa kwa kipande huona mafungu 10 ni hasara, na ndivyo vijana wenye nguvu wanavyoanguka siku ya kwanza au ya pili. Ni vyema kuzungumza na msimamizi kabla ya kuanza, na kubeba akiba ya chakula ya siku hizo nne.

Simu yako ipime kasi

Ngazi hiyo ni ya jumla, na siku hazifanani. Kuna njia ya kujua kama kasi yako inakufaa leo, nayo inahitaji saa ya simu tu. Ukiacha kazi kupumzika, kaa kivulini mara moja, weka vidole viwili pembeni mwa koo, na hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 30. Zidisha kwa 2.

Yakizidi 110 kwa dakika, yaani zaidi ya 55 katika sekunde 30, punguza kipindi kinachofuata kwa theluthi moja, bila kupunguza mapumziko. Kama ulikata mkonge kwa dakika 45 kabla ya kupumzika, sasa kata kwa dakika 30. Ukipima tena na bado yamezidi 110, punguza theluthi nyingine: dakika 20. Kadiri siku zinavyopita, utaona kazi ile ile inaleta mapigo machache. Hapo ndipo unajua umeanza kuzoea.

Mkimbiaji naye afuate pumzi na mapigo ya moyo, asifuate muda aliozoea nyumbani. Septemba 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia mjini Doha ilianza karibu saa 6 usiku kukwepa jua, lakini joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mkubwa. Walianza wanariadha 68, wakamaliza 40. Mshindi, kutoka Kenya, alitumia saa 2:32:43, ilhali Januari mwaka huo huo alikuwa amekimbia 2:17:08 huko Dubai.

Maji, na mambo yanayorudisha nyuma

Kunywa kikombe kimoja, kama robo lita, kila dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu, nayo ni hatari. Kwa wengi, chumvi ya mlo wa kawaida inatosha, mradi mtu asiruke mlo.

Mazoea haya hayadumu. Aliyekaa nyumbani milimani wiki moja ameshapoteza sehemu yake, na baada ya mwezi hurudi akiwa karibu kama mgeni. Mzoefu anayerejea baada ya likizo fupi aanze na nusu ya kazi, siku ya pili asilimia 60, ya tatu 80, na ya nne kazi kamili. Mwenye homa au anayeharisha asiingie kwenye joto, na akipona aanze chini tena. Pombe ya usiku nayo hukausha mwili kabla ya asubuhi.

Dalili za kusimamisha kazi

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na kukakamaa kwa misuli ni ishara za kuacha kazi, kukaa kivulini na kunywa maji. Lakini mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba, kuwa mkali bila sababu au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Usidanganywe na jasho: aliyekuwa akifanya kazi nzito anaweza kuwa nacho huku bado ametota.

Mpoze kwanza, hapo hapo. Mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima mfululizo, mpepee, huku mwingine akipiga simu ya usafiri. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote. Endeleeni kummwagia maji njiani mpaka zahanati au hospitali, kwa sababu kila dakika mwili unapobaki na moto huo ubongo unaumia.