Mtetemo kama Ushahidi: Spektra ya Naitrojeni na Mipaka ya Kanuni ya Koopmans

Mwaka 1934 Tjalling Koopmans alionesha kwamba nishati ya kuondoa elektroni katika molekuli hukaribiana na nishati ya obitali yake, alama ikigeuzwa, endapo elektroni zinazobaki hazijipangi upya. Mwaka 1962 David Turner na M. I. Al-Joboury walifungua njia ya kuipima hoja hiyo. Waliangaza gesi kwa miale ya urujuanimno ya heli, yenye fotoni za volti-elektroni 21.22. Nishati ya mwendo wa elektroni iliyotoka, ikitolewa katika kiasi hicho, hubakiza nishati iliyotumika kuiondoa.

Kwa naitrojeni, hesabu za Hartree na Fock ziliashiria kwamba elektroni ya pai ingetoka kwanza. Spektra ina bendi zinazoanza karibu na 15.6, 16.7 na 18.8, lakini namba hizo pekee hazitaji obitali. Mtetemo ndio unaozitambulisha. Bendi ya kwanza ni karibu mstari mmoja, maana kifungo hakikubadilika sana. Ya pili ina ngazi nyingi zilizosogeleana kuliko mtetemo wa molekuli yenyewe, ishara kwamba kifungo kimerefuka na kulegea. Hiyo ndiyo elektroni ya pai, inayofunga kwa nguvu.

Kwa hiyo sigma hutoka kwanza, kinyume cha hesabu. Elektroni zinazobaki hujipanga upya, na kukwepana kwa elektroni, ambako hesabu hiyo iliacha, hubadilika pia. Kipimo ni tofauti kati ya molekuli na ioni nzima. Obitali ni makadirio yake.