Pango la kiwanda limo ndani ya chungu? Ugomvi wa karne mbili katika hesabu za viwanda

Katika nyumba ya mpiga chapa Christophe Plantin, jijini Antwerpen, Ubelgiji, zimehifadhiwa leja zinazoonyesha jinsi pesa inavyosafiri ndani ya kiwanda. Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1877, na mwaka 2027 itatimiza miaka 150. Wageni wengi huenda kutazama mitambo ya kuchapia na Biblia ya lugha nyingi aliyoichapa kati ya 1568 na 1573. Leja hazitazamwi sana, ingawa ndani yake mna jambo ambalo viwanda vingi vya leo bado havijalipata sawasawa.

Plantin aliunda kampuni na wenzake mwaka 1563, akaweka hesabu kwa mtindo wa Kiitalia wa kuandika kila muamala mara mbili. Mwanahistoria Florence Edler de Roover, aliyezichambua leja hizo mwaka 1937, alionyesha kwamba kila kitabu kilichokuwa kikichapwa kilifunguliwa akaunti yake. Karatasi ilipotolewa ghalani, thamani yake iliondolewa katika akaunti ya karatasi na kuandikwa katika akaunti ya kitabu husika. Ujira wa wapanga herufi na wachapaji ulifuata njia hiyohiyo, pamoja na gharama nyingine za kazi ile. Uchapaji ulipomalizika, akaunti ya kitabu ilifungwa na jumla yake ikahamishiwa akaunti ya vitabu vilivyoko ghalani.

Maana yake ni kwamba pesa iliyonunua karatasi haikuhesabiwa kuwa imepotea. Ilikuwa mali kwa sura ya karatasi, ikawa mali kwa sura ya kitabu ambacho hakijakamilika, kisha mali kwa sura ya kitabu kamili. Iligeuka gharama ya kupima faida siku kitabu kilipouzwa tu. Kampuni ilivunjika mwaka 1567, baada ya wabia walioshukiwa kuwa wafuasi wa Calvin kukimbia, lakini njia hiyo ya pesa ni ileile inayofundishwa vyuoni sasa: malighafi, kazi inayoendelea, bidhaa kamili, mauzo.

Ni njia ambayo maseremala wengi wa Afrika Mashariki hawaifuati. Mbao zikinunuliwa leo, huandikwa leo hii kuwa matumizi, hata kama kabati litauzwa baada ya miezi miwili. Mwezi wa kununua mbao huonekana wa hasara na mwezi wa kuuza kabati huonekana wa neema, na yote mawili si kweli.

Malighafi na ujira havikuleta taabu kubwa, kwa kuwa karatasi huweza kuhesabiwa na fundi hujulikana amefanya kazi gani. Taabu ilikuwa katika gharama ambazo haziwezi kuoneshwa kidole ndani ya bidhaa moja: pango, kuni au makaa ya mawe, mshahara wa karani, kalibu zinazotumika tena na tena. Mtu aliyelazimika kuzitazama gharama hizi uso kwa uso alikuwa mfinyanzi wa Kiingereza, Josiah Wedgwood.

Wedgwood alifungua kiwanda chake cha Etruria, katika jimbo la Staffordshire, mwaka 1769. Yeye na mbia wake Thomas Bentley walipata jina kwa kuuza vyombo vya fahari kwa wakuu wa Ulaya, na bei ilipangwa zaidi kwa kukisia mnunuzi atakubali nini. Juni 1772 benki moja ya London ilianguka, ikafuatwa na nyingine hadi Scotland na Uholanzi. Mikopo ilikauka, wanunuzi wakapungua, na vyombo vikarundikana ghalani huku makaa na mishahara vikiendelea kudai fedha taslimu. Wedgwood alikuwa na mali nyingi ya udongo uliochomwa, na pesa kidogo mkononi.

Neil McKendrick, ambaye makala yake ya 1970 ndiyo iliyokifanya kisa hiki kijulikane, anaeleza kuwa Wedgwood alikaa chini akaandika gharama za chombo kimoja kimoja, tangu udongo mbichi hadi meza ya duka la London. Agosti 1772 alimwandikia Bentley matokeo yake. Hesabu za kila chombo zilipojumlishwa hazikulingana na matumizi yote yaliyokuwa katika vitabu, na katika kusaka sababu aligundua kwamba baadhi ya gharama hazijali idadi. Pango, kalibu, moto na mishahara ya makarani vilibaki karibu palepale, viwe vimetengenezwa vyombo vingi au vichache. Hivyo kadiri vyombo vilivyoongezeka, ndivyo fungu la kila kimoja lilivyopungua.

Kutokana na hesabu hiyo alitoa uamuzi wa biashara. Vyombo ambavyo tayari vilikuwa na kalibu viliweza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei nafuu kwa watu wa tabaka la kati, badala ya kuwangoja wakuu peke yao. Kila chombo cha ziada kilibeba udongo wake na ujira wake, lakini pango lilikuwa limekwisha kulipwa.

Uchunguzi uleule ulifukua na uozo. Mahesabu ya duka la London yalikuwa nyuma, madeni hayakukusanywa, na karani mkuu alibainika kuwa amekuwa akifuja fedha. Karani mwingine alipelekwa kutoka Staffordshire kusafisha vitabu, na utaratibu mpya wa kuleta hesabu ukaanzishwa. McKendrick anakisimulia kisa hiki kwa hamu kiasi kwamba wizi huelekea kufunika ugunduzi. Lakini wizi ulionekana kwa sababu gharama za kiwandani na fedha za dukani zilikuwa zimewekwa ubavu kwa ubavu kwa mara ya kwanza.

Wedgwood hakuacha mfumo. Mahesabu yake ya gharama yalibaki pembeni ya leja kuu, na ndivyo ilivyokuwa katika viwanda vingi kwa zaidi ya miaka 100. Daraja kati ya mawili hayo lilielezwa kinagaubaga mwaka 1887, Emile Garcke, mtu wa makampuni ya umeme, na mhasibu John Manger Fells walipochapisha kitabu cha hesabu za viwandani jijini London. Katika mpango wao, akaunti ya ghala la malighafi na akaunti ya ujira humwaga katika akaunti ya utengenezaji, nayo humwaga katika akaunti ya bidhaa kamili, na mwishoni akaunti ya biashara. Kila hatua ina hati yake: karatasi ya kutolea malighafi ghalani, daftari la saa za mafundi, hati ya kupokea bidhaa zilizokamilika.

Salio linalobaki katika akaunti ya utengenezaji mwisho wa mwezi ni kazi inayoendelea. Ndilo salio rahisi kuliko yote kudanganya, kwani bidhaa nusu haina bei sokoni. Viti 400 vilivyokwisha kupata mbao zote lakini nusu tu ya kazi ya fundi havihesabiwi kuwa viti 200: kwa upande wa mbao ni viti 400, kwa upande wa ujira ni 200. Salio likikua mwezi hadi mwezi ilhali sakafuni hakuna vitu vilivyoongezeka, ama kuna bidhaa zilizoharibika ambazo hazikuondolewa kwenye vitabu, ama kuna zilizokwisha kutoka mlangoni bila hati.

Kuhusu pango la Wedgwood, Garcke na Fells walisita. Gharama za jumla za karakana walikubali zigawanywe katika bidhaa, lakini gharama za ofisi na riba ya mtaji walitaka ziende moja kwa moja kwenye faida na hasara. Hoja yao ilikuwa kwamba gharama isiyobadilika ikigawanywa, gharama ya kitu kilekile itapanda na kushuka kufuatana na wingi wa kazi. Mwaka 1901 mhandisi Alexander Hamilton Church alikuja na jibu tofauti. Kila mashine ihesabiwe kama karakana ndogo inayodai kodi yake kwa saa, na saa ambazo mashine zimekaa bure zionekane kando.

Ugomvi uliwaka tena Marekani mwaka 1936, Jonathan Harris alipoandika makala kuhusu mkurugenzi anayefurahia mauzo yaliyopanda, kisha anaambiwa faida imeshuka. Kisa kama hicho kinaweza kufuatwa kwa tarakimu za kubuni. Kiwanda kinatengeneza vyungu. Kila chungu kinakula udongo wa shilingi 2,000 na ujira wa shilingi 1,000, na huuzwa shilingi 10,000. Gharama zisizobadilika za kiwanda ni shilingi milioni 6 kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza vinatengenezwa vyungu 1,000 na vyote vinauzwa. Kila kimoja kinabeba shilingi 6,000 za kiwanda, hivyo kimegharimu 9,000, na faida ni milioni 1. Mwezi wa pili vinatengenezwa 2,000, lakini vinauzwa 1,000 tu. Sasa kila chungu kinabeba shilingi 3,000 za kiwanda na gharama yake ni 6,000. Faida inaruka hadi milioni 4, ingawa hakuna chungu hata kimoja kilichouzwa zaidi. Milioni 3 za pango zimelala ghalani ndani ya vyungu 1,000 na zinaitwa mali. Mwezi wa tatu soko linachangamka na vinauzwa vyungu 1,500: 1,000 vya ghalani na 500 vilivyotengenezwa mwezi huo. Hivi 500 vinabeba milioni 6 peke yao, kila kimoja kikigharimu 15,000. Mauzo ni makubwa kuliko miezi yote, na faida ni milioni 1.5.

Harris alitaka milioni 6 zihesabiwe gharama ya mwezi wenyewe, na chungu kibebe udongo na ujira wake tu. Kwa njia hiyo faida za miezi mitatu ni milioni 1, milioni 1 na milioni 4.5, zikifuata mauzo. Jumla ya miezi mitatu ni milioni 6.5 kwa njia zote mbili, kwa hiyo kinachogombaniwa ni mwezi upi uhesabiwe faida ipi. Si ugomvi mdogo mahali ambapo meneja hulipwa bonasi kwa faida ya mwaka, kwa sababu anaweza kuipandisha kwa kujaza ghala.

Harris hakushinda katika hesabu zinazotolewa kwa umma. Kanuni ya kimataifa ya IAS 2, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1975 na kufanyiwa marekebisho baadaye, inataka gharama zisizobadilika za uzalishaji ziingie ndani ya bidhaa. Kenya ilianza kutumia kanuni za kimataifa mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004. Kanuni hiyo inaweka breki moja: mgao hufanywa kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda. Kama kawaida ni vyungu 1,000 kwa mwezi, vyungu 500 vya mwezi wa tatu vingebeba shilingi 6,000 kila kimoja, na milioni 3 zilizobaki zingekuwa gharama ya mwezi huo. Mwezi wa pili breki hiyo haigusi. Uzalishaji ukizidi kawaida kupita kiasi, fungu la kila chungu hupunguzwa, na vyungu 1,000 vya ghalani hubaki na milioni 3 zao.

Siku hizi kompyuta hufanya uhamisho wote mara tu bidhaa inaposkaniwa mlangoni, na katika viwanda vinavyotengeneza kwa oda tu kazi inayoendelea huwa ndogo kiasi cha kurukwa kabisa. Mameneja wengi huweka hesabu mbili, ya Church kwa wakaguzi na ya Harris kwa matumizi yao ya ndani.