Gudwili kwenye mizania: kampuni ikishusha thamani ghafla, inakuambia nini?

Leo tuongelee neno moja linalowachanganya wengi kwenye ripoti za makampuni, nalo ni gudwili. Linakaa kimya kwenye mizania miaka na miaka, halafu siku moja kampuni inatangaza kwamba imeshusha thamani yake, hasara ya mabilioni inaonekana na bei ya hisa inaporomoka. Hapo vijiweni utasikia kauli mbili. Mmoja anasema "pesa zimeliwa hizo". Mwingine anajibu "tulia wewe, hiyo ni hasara ya karatasi tu". Wote wawili wamekosea, na ukimfuata yeyote kati yao unaweza kuuza hisa bila sababu, au kuzing'ang'ania wakati meli inazama.

GUDWILI INATOKA WAPI?

Chukua mfano wa intaneti kafe. Kompyuta, meza, printa na vitu vingine vyote, ukitoa madeni, vina thamani ya shilingi milioni 12. Anakuja mnunuzi, anatoa milioni 20. Je, ni mjinga? Hapana. Ameona kafe inaingiza faida ya milioni 4 kila mwaka, na yeye pesa yake anataka imzalishie asilimia 20 kwa mwaka. Milioni 4 ni asilimia 20 ya milioni 20, kwa hiyo kwake bei ni halali.

Sasa kwenye vitabu vyake ile milioni 8 ya juu ataiandika wapi? Haipo kwenye kompyuta wala kwenye meza. Ipo kwenye wateja waliozoea, eneo zuri na jina la kafe. Hiyo ndiyo inaandikwa gudwili, upande wa mali. Kwa kampuni kubwa kuna hatua moja zaidi: vitu visivyoshikika lakini vinavyoweza kutenganishwa, kama jina la bidhaa lililosajiliwa, vinapewa mstari wao kwanza. Kinachobaki ndiyo gudwili.

Kumbuka jambo moja hapa. Gudwili inaandikwa pale tu biashara inaponunuliwa. Yule aliyeianzisha kafe na kuijengea jina kwa jasho lake hakuwahi kuwa na mstari huo kwenye vitabu vyake. Kwa hiyo ukikuta gudwili kubwa kwenye mizania, ujue kuna siku kampuni ilinunua kampuni nyingine na ikalipa zaidi ya vilivyoshikika.

INAPUNGUAJE?

Chini ya miongozo ya kimataifa ya IFRS, ambayo kampuni za soko la hisa la Dar na la Nairobi zinaifuata, gudwili haipunguzwi kidogo kidogo kila mwaka kama gari au kompyuta. Badala yake inapimwa angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kukiwa na dalili mbaya. Swali la kipimo ni rahisi: je, biashara hii bado ina thamani ya kile kilichoandikwa kwenye vitabu? Thamani inayotumika ni ile kubwa kati ya mbili, yaani ambayo ingepatikana ikiuzwa leo, au ile inayotokana na pesa itakazoingiza ikiendelea kufanya kazi.

Turudi kwenye kafe. Mwaka mmoja baadaye watu wengi wana intaneti kwenye simu, na faida imeshuka hadi milioni 3. Tuseme itabaki hapo. Kwa mtu anayetaka asilimia 20, biashara ya kumpa milioni 3 kwa mwaka ina thamani ya milioni 15. Vitabu vinasema 20 (tuache uchakavu wa kompyuta ili hesabu iwe nyepesi). Tofauti ni milioni 5, inakatwa kwenye gudwili, na gudwili inabaki milioni 3. Kama thamani ingeshuka hadi milioni 10, gudwili yote 8 ingefutwa, na milioni 2 nyingine zingekatwa kwenye mali zilizobaki.

Sasa angalia taarifa ya mwaka huo. Droo imeingiza milioni 3. Lakini ukitoa ile milioni 5, vitabu vinaonyesha hasara ya milioni 2. Hakuna aliyeiba, hakuna senti iliyotoka mwaka huu. Pesa ilitoka siku ile ya kununua. Na kuna upande wa pili: ile milioni 1 ya faida iliyotarajiwa kila mwaka haitakuja tena. Kwa hiyo tangazo la kushusha thamani linabeba habari mbili, ya jana na ya kesho. Ya jana ni kwamba tulilipa zaidi ya ilivyostahili. Ya kesho ni kwamba tunategemea kuingiza kidogo kuliko tulivyodhani.

Thamani inaweza kushuka hata faida ikibaki palepale. Riba zikipanda, wenye pesa wanaanza kutaka asilimia 25 badala ya 20. Milioni 4 ileile sasa ina thamani ya milioni 16 tu. Ndiyo maana lazima usome sababu, usiishie kwenye tarakimu.

KISA CHA KRAFT HEINZ

Hawa ni Wamarekani wa vyakula, wenye tomato sosi ya Heinz na jibini ya Kraft. Mwaka 2013 kampuni ya Warren Buffett, Berkshire Hathaway, pamoja na wawekezaji wa 3G Capital waliinunua Heinz. Mwaka 2015 wakaiunganisha na Kraft. Staili ya 3G ilikuwa kubana matumizi kwelikweli, na mwanzoni faida ilinenepa. Mizania nayo ikajaa gudwili na majina ya bidhaa.

Tarehe 21 Februari 2019, soko likiwa limeshafungwa, wakatangaza kushusha thamani kwa dola bilioni 15.4. Kama bilioni 7.1 zilikuwa gudwili, hasa ya vyakula vya kwenye friji Marekani na biashara ya rejareja Kanada. Zilizobaki, kama bilioni 8.3, zilikatwa kwenye majina yenyewe, hasa Kraft na Oscar Mayer, ambayo ni jina la soseji na nyama za kusindika. Miezi mitatu ya mwisho ya 2018 ikaonyesha hasara ya bilioni 12.6.

Kesho yake hisa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 27, kutoka kama dola 48 hadi chini kidogo ya 35. Yule wa "hasara ya karatasi" angeshangaa sana. Shughuli za kampuni ziliendelea kuingiza keshi mwaka huo wa 2018, takriban dola bilioni 2.6. Sasa soko liliogopa nini?

Liliogopa vilivyokuja pamoja na tangazo. Gawio la kila robo mwaka lilikatwa kutoka senti 62.5 hadi 40, na hapo sasa ni keshi halisi mfukoni mwa mwenye hisa. Kampuni ikasema pia kwamba tume ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, inachunguza hesabu zake za manunuzi. Suala hilo liliisha 2021 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 62. Na matarajio ya faida ya 2019 yalikuwa dhaifu. Siku chache baadaye Buffett mwenyewe alisema hadharani kwamba waliilipia Kraft bei kubwa mno. Alieleza pia jinsi maduka makubwa yanavyouza bidhaa za jina lao na kuzikaba bidhaa za zamani. Kwa maneno mengine, jina la Kraft halikuwa tena na ubavu wa kupandisha bei likabaki na wateja wake.

Kwa hiyo huwezi kusema ile asilimia 27 ilisababishwa na kufuta gudwili peke yake. Kufuta kulithibitisha tatizo, gawio na matarajio vikaonyesha ukubwa wake.

VITABU HUCHELEWA

Baada ya kuporomoka, ukizidisha bei ya hisa kwa idadi ya hisa zote, soko liliipa kampuni nzima kama dola bilioni 43. Vitabu vyake, hata baada ya kukatwa, vilisema mtaji wa wenye hisa ni zaidi ya bilioni 50. Yaani soko lilikuwa linasema bado hamjamaliza kukata.

Na kweli, makato yaliendelea. Kubwa lilikuja Julai 2025, dola bilioni 9.3, na sababu waliyoitoa wenyewe ni kwamba bei ya hisa ilikuwa imekaa chini kwa muda mrefu. Soko lilitangulia, wahasibu wakafuata. Hii ni kwa sababu kipimo kinategemea makadirio ya mabosi: mauzo ya miaka ijayo, faida, na ile asilimia wanayotaka wenye pesa. Bosi aliyesimamia ununuzi hana haraka ya kukiri. Wakati mwingine ni bosi mpya ndiye anayefuta, tena anafuta mengi kwa mpigo, ili lawama ziende kwa aliyemtangulia na yeye aanze na vitabu vyepesi. Chini ya IFRS gudwili ikishafutwa hairudishwi, hata biashara ikipona.

UKIIKUTA KWENYE RIPOTI, ANGALIA HIVI

Kwanza, kabla ya tangazo lolote, linganisha gudwili na mtaji wa wenye hisa. Kama gudwili ni nusu ya mtaji au zaidi, kosa moja la makadirio linatosha kula sehemu kubwa ya thamani iliyoandikwa. Linganisha pia thamani ya soko na mtaji huo. Soko likiwa chini kwa muda mrefu, hiyo ni dalili. Sio ushahidi kamili, maana soko nalo huwa linapaniki.

Pili, fungua maelezo ya nyuma ya mizania. Kampuni inatakiwa kusema imetumia makadirio gani, na kama badiliko dogo tu lingetosha kuitumbukiza kwenye makato. Ukiona mauzo yamekuwa yakishuka miaka mitatu halafu makadirio yanasema yatapanda, jiulize kulikoni.

Tatu, tangazo likishatoka, nenda kwenye taarifa ya keshi. Keshi inaingia kama zamani na gawio halijaguswa, na sababu ni riba? Hiyo si ya kukukosesha usingizi. Keshi inapungua, gawio limekatwa na wateja wamehama? Hapo hasara ya karatasi inaeleza ugonjwa wa kweli.

Nne, angalia madeni. Kufuta gudwili hakuongezi deni hata shilingi, ila mtaji ukipungua deni linaonekana kubwa zaidi ukilinganisha nao. Kama mkataba wa benki umeweka kikomo cha uwiano huo, karatasi inaweza kugeuka kuwa tatizo la keshi.

Kama una ripoti ya kampuni ya soko la Dar au Nairobi yenye mstari wa gudwili, tupia jina na mwaka kwenye maoni tuichambue pamoja. Anza na maelezo ya nyuma, sio ukurasa wa picha za wakurugenzi.