Jinsi, jinsia na al-jinsiyya: mkia mmoja wa Kiarabu

Vijana wetu wa Mwambao waendao kufanya kazi Ghuba hupewa fomu za Kiarabu, na humo mna sehemu mbili zinazochanganya: al-jins na al-jinsiyya. Ya kwanza yauliza kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Ya pili yauliza uraia wako. Lakini Mswahili aliyesoma chuoni akajua herufi bila ya maana, akiona al-jinsiyya atadhani ni jinsia yetu, kisha ataandika "mwanamume" mahali pa kuandika Kenya.

Jins kwa Kiarabu ni aina. Ukiitia -iyy yawa jinsiyy, yaani chenye kuhusiana na aina hiyo. Ukimalizia kwa taa marbuta yawa jinsiyya: hali ya kuwa wa watu fulani, yaani utaifa au uraia. Sisi Waswahili tulilichukua neno, tukalipa kazi nyingine.

Jambo hilo hilo laonekana katika hurr, mtu asiye mtumwa. Mwarabu huongeza mkia akapata hurriyya. Sisi hurr tumeifanya huru, kisha tukatia u- mbele: uhuru. Mwarabu hubandika nyuma, Mswahili hubandika mbele, na maana ni moja. Wanasarufi wa Kiarabu huyaita maneno haya masdar sinai.

Kwa njia hii Waarabu wa leo wamepata pia taqniyya, yaani teknolojia, kutoka mzizi wa itqan, ambayo ni kufanya jambo kwa ustadi. Lakini utawasikia vilevile wakisema tiknulujiya. Hilo ni neno la kuazima, na mwisho wake ni wa Kizungu. Alama ya kutofautisha ni shadda: jinsiyya na taqniyya zina ya yenye kukazwa, tiknulujiya haina. Kwa maandishi yetu ya Kiswahili shadda hupotea, ndipo jinsia na teknolojia zikaonekana kama ndugu.

Liko jambo jingine la kuangalia. Si kila -iyya ni jina la hali. Mara nyingi ni sifa tu ya neno la kike. Rudi kwenye ile fomu: al-jinsiyya, jawabu: kiniyya. Maneno yote mawili yana mkia ule ule. La kwanza ni jina la hali, uraia. La pili ni sifa, "wa Kikenya", na limekuwa la kike kwa sababu linafuata jinsiyya, ambalo ni neno la kike. Kwa hivyo mwanamume akiona kiniyya kwenye karatasi zake asishtuke akadhani ameandikwa mwanamke. Kinachosifiwa hapo ni uraia wake, si yeye. Angetajwa yeye mwenyewe, angeitwa kinii.

Ukikutana na -iyya jiulize: neno hili lasimama peke yake kutaja hali, au lafuata jina jingine kulisifu?